Mǎi na mài: mazungumzo mawili ya sokoni kwa anayekwenda Yiwu

*Mwalimu, shikamoo. Nauza vyombo Kariakoo, na baada ya Idi nakwenda Yiwu, China, kununua mwenyewe bila kupitia mtu. Nimekariri maneno ya Kichina miezi miwili, lakini nilipomjaribu Mchina mmoja mwenye duka hapa mtaani hakunielewa. Mwishowe akacheka, akasema nimesema kinyume. Naomba mazungumzo mafupi ya sokoni yaliyoandikwa kwa pinyin, yaani Kichina kwa herufi zetu hizi, unieleze na hizo toni, na unisaidie nisije nikaonekana sina adabu.*

Marahaba, mdogo wangu. Huyo mwenye duka alikwambia ukweli, na nadhani nalijua neno lililokuponza. Kununua ni mǎi. Kuuza ni mài. Herufi zile zile, mpangilio ule ule, tofauti ni mwendo wa sauti peke yake. Ukimwambia muuzaji *wǒ mài* umemwambia "mimi nauza", naye atakutazama mikononi aone umebeba nini.

Tuanze na hilo neno moja, kwa sababu ukilipata hilo umepata nusu ya kazi. Ile alama juu ya irabu inakuonyesha sauti inavyokwenda. Mstari ulionyooka (ā) ni toni ya kwanza: sauti iko juu na inabaki juu, kama unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, "Weeee!", bila kuishusha. Mstari unaopanda (á) ni ya pili, ile sauti ya mtu ambaye hajasikia akauliza "Ee?" Alama yenye bonde (ǎ) ni ya tatu: sauti iko chini, imelala kifuani, kama mzee anayeguna "mmh" kabla hajakubali. Mstari unaoshuka (à) ni ya nne, na huo ndio ukali wa kumkemea mtoto anayesogelea jiko: "We!" Silabi isiyo na alama hutamkwa fupi na nyepesi, haina mwendo wake.

Vitabu vingi husema toni ya tatu inashuka kisha inapanda, na wanafunzi wangu hujitesa sana kuipandisha. Acha. Katika mazungumzo ya kawaida toni hiyo mara nyingi inabaki chini tu. Kule kupanda husikika neno likiwa peke yake au mwisho wa sentensi. Kwa hiyo mǎi iweke chini, na mài iangushe kutoka juu.

Sisi Waswahili tuna mazoea mawili yanayotuharibia hapa. La kwanza ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na bila kujua tunaupeleka huko huko tukisema Kichina. Neno *duōshao*, yaani "kiasi gani", tunalipatia kwa bahati, maana duō iko juu na shao ni nyepesi. Lakini tukiliunganisha na *qián*, pesa, tunatamka "duo-SHA-o-qian" kwa pumzi moja, na mkazo unatua pale pale ambapo hapatakiwi kuwa na kitu. La pili ni swali. Kwetu "Unauza." na "Unauza?" yanatofautishwa na sauti tu. Katika Kichina sauti hiyo imeshakamatwa na toni. Ukisema mǎi huku unaipandisha kwa sababu unauliza, si mǎi tena, ni *mái*, na *mái* ni kuzika, kufukia ardhini. Ukitaka kuuliza weka neno ma mwishoni, jepesi, au rudia kitenzi kwa kukanusha, kama utakavyoona mbele. Sauti iache ifanye kazi ya toni.

Sasa nikupe kitu ambacho kitakuokoa hata siku ulimi ukiteleza. Toni mbili za tatu zikifuatana, ile ya mbele hugeuka kuwa ya pili. Ndiyo maana *nǐ hǎo* husikika *ní hǎo*, na *lǎobǎn* husikika *láobǎn*. Rudi kwenye neno letu: *wǒ mǎi*, "nanunua", husikika wó mǎi, "wo" ikipanda. *Wǒ mài*, "nauza", husikika wǒ mài, "wo" ikiwa chini. Neno la kukanusha *bù* nalo hubadilika: mbele ya toni ya nne linapanda. Kwa hiyo "sinunui" ni bù mǎi, na "siuzi" ni bú mài. Yaani jirani wa neno anakupa habari ya neno lenyewe. Ukisema *wó* vizuri, muuzaji ameshajua unanunua kabla hujafika kwenye mǎi. Fanya mazoezi ya jozi hizi mbili, *wó mǎi* na *wǒ mài*, *bù mǎi* na *bú mài*, mpaka mtu aliyekupa mgongo aweze kunyoosha mkono wa kulia kwa kununua na wa kushoto kwa kuuza bila kukosea. Hata kama hajui Kichina ataisikia tofauti, na asipoisikia yeye, jua Mchina naye hataisikia.

Ukipenda kuyatambua kwa macho, kununua ni 买 na kuuza ni 卖. Lile lenye msalaba kichwani ndilo kuuza.

Mazungumzo ya kwanza nimeyaweka kwenye meza ya matunda, si kwenye soko la jumla. Nina sababu. Siku ya kwanza Yiwu utakuwa na uchovu wa safari na utahitaji kula. Kwenye matunda ukikosea unapoteza kuai mbili tatu, na muuzaji hana haraka na wewe. Kuai (*kuài*) ndilo jina la yuani mdomoni mwa watu, kama sisi tunavyosema "buku" kwa elfu. Hapa chini nimeandika *yī* (moja) na *bù* kwa toni zinavyosikika. Toni za tatu zinazofuatana nimeziacha kama zinavyoandikwa vitabuni, kwa hiyo uzigeuze mwenyewe unaposoma.

Wewe: Lǎobǎn, nǐ hǎo. Júzi zěnme mài?
*Bosi, habari. Machenza mnauzaje?*

Muuzaji: Sì kuài yì jīn. Shí kuài sān jīn.
*Jīn moja kuai nne. Jīn tatu kuai kumi.*

Wewe: Tián bu tián?
*Ni matamu?*

Muuzaji: Hěn tián. Nǐ cháng yí ge.
*Matamu sana. Onja moja.*

Wewe: Hǎo, gěi wǒ sān jīn.
*Sawa, nipe jīn tatu.*

Muuzaji: Hái yào biéde ma?
*Unataka kingine?*

Wewe: Bú yào le, xièxie.
*Basi, inatosha, asante.*

Muuzaji: Shí kuài. Sǎo zhèli.
*Kuai kumi. Piga picha msimbo hapa.*

Tazama kwanza swali lako la bei. *Zěnme mài* ni "inauzwaje", na ni mài ya kuuza, kwa sababu anayeuza ni yeye. Ndilo swali la sokoni. *Duōshao qián* ni sahihi pia, ila hufaa zaidi kwa kitu kimoja chenye bei yake, mfano shati lililotundikwa. Kitu kinachopimwa au kinachouzwa kwa jumla, uliza *zěnme mài*, naye atakutajia bei pamoja na kipimo chake.

Na kipimo ndipo wageni wanapojikwaa. *Jīn* si kilo. Jīn moja ni gramu 500, nusu kilo kamili, na kwenye kibao imeandikwa 斤. Ukisoma "4" pembeni ya alama hiyo, kilo ni kuai nane. Hapo juu umenunua kilo moja na nusu kwa kuai kumi, badala ya kumi na mbili.

Kisha sikiliza *sì* na *shí*, nne na kumi. Ukifundishwa darasani unaambiwa moja ni "s" na nyingine ni "sh", basi umemaliza. Yiwu iko mkoa wa Zhejiang, na huko, kama ilivyo Guangzhou na sehemu kubwa ya kusini, watu wengi hutamka "sh" kama "s". Kumi inakuwa *sí*. Kinachobaki kuitenganisha na nne ni toni tu: nne inaanguka, kumi inapanda. Nilipokuwa mkalimani nilimkuta mfanyabiashara mmoja, ndugu yetu, ameagiza peke yake siku moja kabla sijafika. Alitaka katoni kumi na nne, *shísì xiāng*. Alisema silabi zote mbili zikianguka, muuzaji akasikia *sìshí xiāng*, katoni arobaini, akaandika arobaini, naye akatia saini bila kusoma tarakimu. Tuliirekebisha kwa sababu mzigo ulikuwa haujaanza kufungwa. Tangu siku hiyo simruhusu mtu wangu kutaja idadi kwa mdomo peke yake. Taja, kisha ibonyeze kwenye kalkuleta, umwonyeshe. Kila meza ina kalkuleta na hakuna atakayekuona mshamba. Wao wenyewe hufanya hivyo.

Ujue pia vidole, maana wao huhesabu hadi kumi kwa mkono mmoja. Moja mpaka tano ni kama kwetu. Sita ni dole gumba na kidole cha mwisho vimenyooshwa, vitatu vya katikati vimekunjwa. Nane ni dole gumba na cha shahada, kama mtoto anayecheza bastola. Mgeni akiona hivyo vidole viwili hudhani ni mbili. Kumi ni vidole viwili vya shahada vikipishana msalaba, au ngumi.

Neno *gěi wǒ*, "nipe", najua litakukwaza. Kwetu mtu mwenye malezi anasema "naomba". Katika Kichina cha sokoni *gěi wǒ sān jīn* haina ukavu wowote, ni lugha ya kawaida kabisa. Ukianza kubuni sentensi ndefu za kuomba kwa unyenyekevu utamchosha muuzaji mwenye foleni. Adabu yao haikai kwenye kitenzi, inakaa kwenye namna unavyomwita mtu na kwenye vijineno vidogo vya mwisho. Hiyo *le* katika *bú yào le* ndiyo inayoligeuza neno kutoka "sitaki!" kuwa "basi, inatosha". Mtu akikufuata na bidhaa usiyoihitaji, usimrushie *bú yào* tupu. Sema bú yòng le, xièxie, "hakuna haja, asante".

Mwisho wa mazungumzo hayo amekwambia *sǎo zhèli*, usome msimbo kwa simu. Wengi hulipwa kwa WeChat au Alipay, hata wenye mikokoteni. Noti zinapokelewa pia. Ukiwa na noti uliza *Kěyǐ fù xiànjīn ma?*, "Naweza kulipa taslimu?"

Kabla ya mazungumzo ya pili, tusimame kwenye namna ya kumwita mtu, maana hapo ndipo muuzaji anapokupima. Lǎobǎn, bosi, ndilo neno salama kuliko yote, kwa mwanamume mwenye duka na siku hizi hata kwa mwanamke. Usishangae naye akikuita *lǎobǎn*. Kwake wewe ni bosi mwenzake. Mwanamke mwenye duka huitwa pia *lǎobǎnniáng*. Msichana anayeuza, hasa kusini, huitwa měinǚ, maana yake mrembo. Najua kwetu ukimwita dada wa dukani "mrembo" unaonekana unamtongoza, lakini kule ni mwito wa kawaida, na wewe mwanamke unaweza kuutumia bila wasiwasi wowote. Kijana wa kiume ni *shuàigē*, mtanashati, kwa maana hiyo hiyo.

Mawili uyaepuke. *Āyí* ni shangazi au mama mdogo. Sisi tumezoea kwamba kumwita mtu "mama" ni kumheshimu, hata kama mmelingana umri. Kule mwanamke wa miaka arobaini ukimwita āyí umemzeesha, na uso wake utakwambia. Mwite *jiě*, dada. La pili ni *xiǎojie*, ambalo vitabu vya zamani hulitafsiri "bibi" au "binti". Sehemu nyingi za China bara neno hilo likisimama peke yake limechukua maana ya mwanamke anayeuza mwili. Usilitumie kabisa. Na *nín*, "wewe" ya heshima, ni mazoea ya kaskazini zaidi, hasa Beijing. Yiwu *nǐ* inatosha, ukitanguliza lǎobǎn.

Sasa twende kwenye soko lenyewe. Soko la kimataifa la Yiwu, ambalo wenyeji wengi bado wanaliita Futian, lina vibanda zaidi ya 70,000, na muuzaji husikia lugha kumi kwa siku. Chupa na vikombe vya kuhifadhi joto utakavyovikuta vingi hutengenezwa Yongkang, mji jirani. Bei za hapa chini ni za mfano tu, lakini mwendo wa mazungumzo ndio huo.

Wewe: Lǎobǎn, nǐ hǎo. Zhège bǎowēnbēi zěnme mài?
*Bosi, habari. Hiki kikombe cha kuhifadhi joto mnauzaje?*

Muuzaji: Nǐ yào duōshao?
*Unataka vingapi?*

Wewe: Wǒ xiǎng xiān yào shí xiāng. Yì xiāng duōshao ge?
*Nafikiria kuanza na katoni kumi. Katoni moja ina vingapi?*

Muuzaji: Wǔshí ge. Shíbā kuài wǔ.
*Hamsini. Kuai kumi na nane na nusu.*

Wewe: Yǒu diǎn guì. Néng bu néng piányi yìdiǎn?
*Bei iko juu kidogo. Unaweza kupunguza kidogo?*

Muuzaji: Nǐ shuō duōshao?
*Wewe unasema ngapi?*

Wewe: Shíliù kuài wǔ, xíng ma?
*Kumi na sita na nusu, inawezekana?*

Muuzaji: Bù xíng, méiyǒu lìrùn. Shíbā kuài.
*Haiwezekani, sipati faida. Kumi na nane.*

Wewe: Wǒ yào èrshí xiāng ne?
*Na nikichukua katoni ishirini je?*

Muuzaji: Èrshí xiāng… shíqī kuài bā.
*Katoni ishirini… kumi na saba na senti themanini.*

Wewe: Shíqī kuài wǔ ba.
*Kumi na saba na nusu basi.*

Muuzaji: Hǎo ba. Zuì dī jià le.
*Haya basi. Hiyo ndiyo bei ya mwisho.*

Uliuliza bei, naye badala ya kujibu akakuuliza unataka vingapi. Hakukwepi. Kwenye jumla bei haipo mpaka idadi iwepo, na ukijibu "kwanza niambie bei" amejua hujawahi kununua. Ndiyo maana uwe na idadi yako kichwani kabla hujafungua mdomo, na uitaje kwa *xiāng*, katoni, siyo kwa kimoja kimoja. Neno *xiǎng*, "nafikiria", ulilolitanguliza linapunguza ukali wa *wǒ yào*, "nataka", na pia linakuachia mlango wa kutokea. Angalia tu toni: *xiǎng* iko chini, *xiāng* ya katoni iko juu. Yako katika sentensi moja, kwa hiyo ni mazoezi mazuri.

Amesema *shíbā kuài wǔ*. Wachina hulikata neno la mwisho. Hiyo tano baada ya kuai ni tano ya kipimo kinachofuata chini yake, *máo*, na máo kumi ni kuai moja. Kwa hiyo ni 18.50, si 18.05. Sheria hiyo hiyo inakwenda juu: *yìbǎi wǔ* ni 150, si 105. Mswahili anayesikia "mia na tano" anaandika 105, na hapo umekosea kwa arobaini na tano kwa neno moja. Mia na tano kwao ni *yìbǎi líng wǔ*, lazima sifuri itajwe. Na kuna 250: *èrbǎi wǔ* ni tusi, maana yake mpumbavu. Muuzaji mwenye busara hukutajia 248 au 260, na wewe usimpendekezee mtu bei hiyo.

Sasa tazama mwenendo wa kupatana. Hukusema *tài guì le!*, "ghali mno!", ingawa ndiyo sentensi ya kwanza wanayofundishwa wageni wote. Si tusi, lakini mdomoni mwa mgeni, ikiwa na ile *tài* na *guì* zote mbili zinazoanguka, inasikika kama kufoka. *Yǒu diǎn guì*, "ni ghali kidogo", inasema jambo hilo hilo na inampa nafasi ya kushuka bila kuonekana ameshindwa. Swali lako pia halikuwa amri: *néng bu néng*, unaweza au huwezi, na *yìdiǎn*, kidogo. Kwenye *piányi* kuwa mwangalifu. "Pián" inapanda, "yi" ni nyepesi, na "p" yake ina pumzi.

Hiyo pumzi nikueleze kidogo, kwa sababu Kiswahili kinaweza kukusaidia. Mtafute mtu wa Mombasa au Lamu akutamkie paa la nyumba, kisha paa yule mnyama. Weka kiganja mbele ya mdomo wake. Paa la nyumba halitoi upepo, paa wa porini anatoa. Tofauti hiyo ndiyo ya "b" na "p" za pinyin: "b" ni ile p isiyo na upepo, "p" ni ile yenye upepo. Ndivyo zilivyo pia d na t, na g na k. Ukilitamka *bǎo* la bǎowēnbēi kwa upepo linakuwa *pǎo*, kukimbia. Sisi wa bara hatuisikii tofauti hiyo katika maneno yetu, kwa hiyo kiganja ndicho kipimo.

Ulipokwama hukushindania senti, uliongeza idadi. Katika masoko ya watalii mtu huanza na nusu ya bei. Yiwu kwenye jumla ukifanya hivyo muuzaji atarudi kwenye simu yake na hatakutazama tena. Bei hushuka kwa máo, na kinachoishusha ni katoni. Sentensi yako ya *ne* ndiyo iliyofanya kazi: *Wǒ yào èrshí xiāng ne?* "Na nikichukua ishirini je?" Ile *ne* ni "je" yetu ya mwisho kabisa. Na *ba* uliyomalizia nayo, *shíqī kuài wǔ ba*, Mswahili anaielewa bila kufundishwa: ni "basi" ya mwisho wa sentensi, ile ya "haya, twende basi". Inaomba kukubaliana. Bila *ba*, umemtajia tarakimu kavu.

Hesabu yake: katoni ishirini kwa vikombe hamsini ni vikombe 1,000. Kwa 18.50 ungelipa kuai 18,500, kwa 17.50 unalipa 17,500. Kuai elfu moja zimetoka kwenye sentensi tatu fupi.

Muuzaji mwingine hatakutajia bei, atakutajia *zhé*. Akisema dǎ jiǔ zhé usidhani amepunguza asilimia tisa, wala tisini. Zhé inahesabu unacholipa, si unachopunguziwa. *Jiǔ zhé* unalipa 90 katika 100, *bā zhé* unalipa 80, *jiǔwǔ zhé* unalipa 95. Namba ikiwa ndogo ndiyo furaha yako.

Mkishapatana bei, uliza Yǒu xiànhuò ma?, "Mzigo upo tayari?" Akijibu *méiyǒu*, "hakuna", maana yake utatengenezwa au utafuatwa kiwandani, naye atakutaka utangulize dìngjīn. Hapa pinyin inakosa nguvu, na lazima utumie macho. Kuna dìngjīn mbili, zinatamkwa sawasawa, toni zile zile, na mbele ya sheria ni vitu viwili. 定金 ni arubuni yenye meno: ukighairi wewe umeipoteza, akivunja ahadi yeye anakurudishia mara mbili, na sheria ya China hairuhusu izidi asilimia 20 ya thamani ya mkataba. 订金 ni malipo ya awali tu, kwa kawaida hurudishwa biashara ikivunjika. Katika mfano wetu asilimia 20 ni kuai 3,500. Kabla hujazitoa, iangalie risiti: herufi ya kwanza ina paa juu yake (定), au ina alama ndogo kushoto na kitu kama msumari kulia (订)? Muulize Kěyǐ tuì ma?, "Inarudishwa?", na akikubali mwambie aandike: Máfan nǐ xiě yíxià. *Máfan nǐ* ni "nakusumbua", na ndiyo "naomba" yao ya kweli mtu anapoombwa kazi ya ziada. Hapo ndipo unyenyekevu wako wa Kiswahili una nafasi yake.

Na ikiwa hamkupatana, usiondoke kimya. Sema Wǒ zài kànkan, "ngoja niangalie angalia", zài ikianguka, kàn ya kwanza ikianguka, ya pili nyepesi. Chukua kadi yake ya biashara kwa mikono miwili, uisome kidogo kabla ya kuitia mfukoni. Atakujibu *màn zǒu*. Neno kwa neno ni "tembea polepole", na wengi husimama wakidhani wanaitwa kwa bei nyingine. Haikuiti, ni kwaheri ya mwenye duka kwa mgeni. Itikia *xièxie*, uende. Ukirudi kesho yake na katoni ishirini mdomoni, atakukumbuka.